Esensi, seramu na ampuli: nikiacha kipi uso hautajua?

Shangazi wa Kinyerezi (mwanzisha uzi)

Habari wadau. Nina miezi minne natumia seti ya Kikorea ya hatua saba, yote ya kampuni moja na mstari mmoja. Asubuhi na jioni: sabuni ya uso, tona, esensi, seramu, ampuli, krimu, na asubuhi naongeza sanskrini. Lengo langu ni madoa meusi yaliyoachwa na chunusi mashavuni.

Bei nilizonunulia Kariakoo: sabuni 35,000, tona 45,000, esensi 65,000 (mililita 100), seramu 60,000 (mililita 30), ampuli 85,000 (mililita 30), krimu 55,000, sanskrini 48,000 (mililita 50). Jumla 393,000.

Uso umelainika, hilo silikatai. Madoa yamepungua kidogo sana. Ila paji la uso limeanza kutoa vipele vidogo vidogo vinavyowasha. Ampuli inaisha kila mwezi na mfuko umeanza kulia. Naomba mwenye kujua aniambie kipi nikikiondoa sitapoteza kitu.

Kibosile wa Temeke

Dada yangu, ampuli si zile za kuchomwa sindano ili uwe mweupe? Achana nazo haraka. Jirani yetu alichomwa saluni na mtu ambaye hata nesi si nesi, mkono ukavimba siku tano. Hakuna urembo wa hivyo.

Shangazi wa Kinyerezi

Hapana kaka, hii ni ya kudondoshea usoni, ina kidude cha mpira cha kunyonyea. Ila asante kwa kujali.

Binti Mkunazini

Kibosile hajakosea sana, jina ndilo linachanganya. Zamani ampuli ilikuwa kichupa cha kioo cha kuvunja shingo, dozi ya siku moja au mbili, na Ulaya bado zipo za hivyo za usoni. Hizi za Kikorea ni chupa ya kawaida, jina tu limebaki.

Mimi nasema acha vyote vitatu, utie maji ya waridi na gliserini kama bibi zetu. Uso wa bibi yangu ulikuwa unateleza mpaka anafikisha miaka 80.

Mchanganyaji

Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha losheni, kwa hiyo vitu hivi navipima kila siku. Shangazi, kabla sijasema lolote, tuandikie viungo sita au saba vya mwanzo vya esensi, seramu, ampuli na krimu, kwa mpangilio uleule ulio kwenye boksi. Jina la mbele ya chupa halitusaidii. Hakuna sheria inayosema esensi iwe na kiasi gani cha kitu gani ili iitwe esensi, wala ampuli izidi seramu kwa kiasi gani. Kampuni inaweza kumimina kitu kilekile kwenye chupa tatu, nzito kidogo na nyepesi kidogo, na hakuna aliyevunja sheria.

Wa Daejeon

Nipo Korea kimasomo mwaka wa tatu sasa. Niseme jambo moja ambalo watu wa nyumbani hawalijui: wenzangu wa darasani hapa hawapaki hatua kumi. Wengi wana tona, kitu kimoja cha majimaji, krimu na sanskrini. Kuna kipindi hata gumzo lilikuwa kupunguza vipodozi, walikuwa wanaita kuweka ngozi kwenye daieti.

Jingine ni hewa. Januari huku ni baridi kavu, na ndani sakafu inapashwa moto usiku kucha. Unaamka midomo imepasuka na mashavu yanabana kama ngoma. Hapo kupaka tabaka nyepesi tatu kisha krimu juu yake kunaingia akilini kabisa. Julai ikifika, joto na jasho, mimi mwenyewe narudi kwenye vitu viwili. Dar kwa sehemu kubwa ya mwaka ni kama Julai ya huku.

Shangazi wa Kinyerezi

Nimekaa na tochi ya simu kama fundi saa, maandishi madogo mno.

Esensi: maji ya chachu, butilini glaikoli, gliserini, niasinamidi, heksanidioli, maji, hayaluroniki, adenosini.

Seramu: maji, gliserini, butilini glaikoli, niasinamidi, heksanidioli, maji ya chachu, panthenoli, adenosini.

Ampuli: maji, butilini glaikoli, gliserini, maji ya chachu, niasinamidi, heksanidioli, hayaluroniki za aina tatu, adenosini, na majani mengi sana yenye majina marefu.

Krimu: maji, gliserini, mafuta mafuta kadhaa, niasinamidi, na adenosini kule chini.

Nyuma ya boksi zote nne kuna maneno ya Kikorea yaliyowekewa mstari.

Wa Daejeon

Angalia kama ni haya: `미백·주름개선 기능성화장품`

Shangazi wa Kinyerezi

Ndiyo! Haya haya, kwenye zote nne.

Mchanganyaji

Basi jibu la nusu ya swali lako limeshatoka. Maneno hayo yanasema kipodozi kimesajiliwa kuwa kinasaidia kung'arisha madoa na kupunguza mikunjo. Mamlaka ya huko ina orodha ya viungo vinavyokubalika kwa madai hayo na kiasi chake. Niasinamidi, ya madoa, ni kati ya asilimia 2 na 5. Adenosini, ya mikunjo, ni asilimia 0.04. Mtengenezaji akitaka njia nyepesi, anaweka niasinamidi asilimia 2 na adenosini 0.04, anapata maneno yake, anaendelea.

Sasa tazama uso wako wa kila asubuhi. Unapaka niasinamidi kwenye esensi, unaipaka tena kwenye seramu, tena kwenye ampuli, tena kwenye krimu. Ni mtu yuleyule ameingia kwa milango minne na kila mlango umelipia kiingilio. Na kupaka mara nne za asilimia 2 hakukupi asilimia 8. Ni kama kumimina vikombe vinne vya chai yenye sukari kijiko kimoja kimoja ndani ya birika: utamu ni uleule, chai tu imeongezeka.

Kuhusu gliserini na butilini glaikoli, kazi yao ni kushika maji kwenye ngozi ya juu. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya ule ulaini unaousikia. Krimu yako tayari ina gliserini nafasi ya pili.

Dokta wa Mtaani

Mkuu Mchanganyaji ameeleza vizuri, niongeze ujanja wangu. Adenosini tunajua ni asilimia 0.04. Kwa hiyo chochote kilichoandikwa baada ya adenosini kiko chini ya 0.04. Yale majani yote ya kwenye ampuli ni mapambo ya boksi. Hesabu imeisha.

Mchanganyaji

Hapo umeteleza kidogo, ndugu yangu. Kupanga kwa wingi kunalazimishwa kwa viungo vilivyozidi asilimia 1. Vikiwa asilimia 1 kushuka, mtengenezaji anavipanga apendavyo. Anaweza kuanza na lile jani zuri la kuvutia macho na kusogeza kinga ya kuoza mwisho kabisa. Unachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba baada ya kuiona adenosini, uko kwenye eneo la asilimia 1 kushuka. Fenoksiethanoli, ambayo ni kinga ya kuoza, nayo inasaidia hivyohivyo kwenye losheni zinazoitumia, kwa sababu kikomo chake ni asilimia 1.

Na hapo usikimbilie kusema ni mapambo. Hayaluroniki asilimia 0.1 inatosha kubadilisha umajimaji wote wa chupa. Retinoli hufanya kazi chini ya asilimia 1. Dogo si lazima liwe bure, ila jani la kawaida likiwa dogo kiasi hicho mimi silitolei 85,000.

Dokta wa Mtaani

Nimekubali, hiyo ya kupanga apendavyo sikuijua. Lakini je, zile chupa zinazoandika asilimia 96 ya ute wa konokono, au asilimia 70 ya majani ya sentela? Hizo si nzito kweli?

Mchanganyaji

Asilimia 70 ya maji yaliyolowekwa majani. Ukichemsha mchaichai kiganja kimoja kwenye sufuria ya lita mbili, sufuria nzima ni mchaichai au ni maji? Boksi linahesabu sufuria. Halikuambii kiganja kilikuwa kikubwa kiasi gani. Ute wa konokono nao ni umajimaji uliochujwa, sehemu kubwa ni maji. Unalainisha ngozi vizuri, watu wengi wanaupenda na siwakatazi, ila ile namba haipimi nguvu.

Wanjiku wa Ngong

Jameni, niko Nairobi na nitawapinga kidogo. Mimi ngozi yangu ni kavu sana, na ile baridi ya Julai hunimaliza kabisa. Nilipoacha esensi nikabaki na krimu pekee, mashavu yalianza kutoa magamba ndani ya wiki moja. Nikairudisha, yakatulia. Kwa hivyo msiseme ni bure.

Mchanganyaji

Wanjiku, ulikuwa unapaka krimu uso ukiwa mkavu au una unyevu?

Wanjiku wa Ngong

Mkavu. Najifuta na taulo kwanza.

Mchanganyaji

Jaribu siku kumi: nawa, usijifute mpaka ukauke, paka krimu uso ukiwa bado una umande. Huenda esensi ilikuwa inakupa maji tu ya kufungia chini ya krimu. Kama magamba yakirudi, basi ngozi yako inahitaji tabaka hilo na nitakuwa nimekosea kwako.

Mama Pacha

Mimi suala langu ni la pesa. Kwani seramu ya vitamini C inaingia wapi kwenye mpangilio huu? Nimenunua ya 70,000, nimeipanga dirishani bafuni, imekuwa rangi ya chai ya rangi. Bado inafaa?

Binti Mkunazini

Dada, hiyo ishakufa. Ikianza kuwa kahawia ujue imeshaungua na hewa, na joto na mwanga vimeiharakisha. Nunua chupa ndogo, uifiche kwenye friji.

Mama Pacha

Sawa. Mume wangu aliniuliza kwanini kuna mkojo dirishani, nikagombana naye bure.

Mchanganyaji

Turudi kwa Shangazi. Nimefanya hesabu moja iliyonishtua. Sanskrini yako ya mililita 50, umesema umenunua lini?

Shangazi wa Kinyerezi

Pamoja na vingine, miezi minne iliyopita. Bado ipo robo. Naitumia kwa adabu kwa sababu inaacha weupe, natoa kama punje ya harage.

Mchanganyaji

Hapo ndipo pesa yako inapovuja. Umetumia kama mililita 37 kwa siku 120, maana yake mililita 0.3 kwa siku. Sanskrini hupimwa maabara kwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa uso wa mtu mzima inakuja kama gramu 1.2, karibu robo kijiko cha chai. Wewe unapaka robo ya hiyo. Namba iliyoandikwa kwenye chupa huipati, unapata kipande chake kidogo.

Ukiipaka ipasavyo, mililita 50 zinaisha ndani ya wiki sita. Kwa hiyo wewe una ampuli inayoisha kwa mwezi na sanskrini inayodumu miezi mitano, wakati kwa mtu mwenye madoa ilitakiwa iwe kinyume. Jua linayatia madoa rangi upya kila siku, halafu niasinamidi inahangaika kuyafuta jioni. Hamisha pesa ya ampuli uitie hapo.

Kibosile wa Temeke

Jamani sisi weusi jua letu ni la kuzaliwa nalo. Tangu lini Mmakonde akaungua?

Wa Daejeon

Kaka Kibosile, kutoungua ni kweli kwa wengi wetu. Madoa ni habari nyingine. Ngozi nyeusi ndiyo inayoshika madoa kwa urahisi zaidi baada ya chunusi, na si jua la kuunguza peke yake linaloyakoleza, hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho unachangia. Ndiyo maana kwa madoa sanskrini zenye rangi zinasifiwa, ile rangi ya kahawia inatokana na oksidi za chuma na zinazuia mwanga huo. Shangazi angepata yenye rangi inayoendana na uso wake, hata huo weupe ungeisha.

Shangazi wa Kinyerezi

Hilo la rangi sikulifikiria kabisa. Lakini mbona nikizidisha sanskrini inajiviringa kama uchafu wa kifutio? Ndiyo sababu nyingine ya kupaka kidogo.

Mchanganyaji

Kwa sababu chini yake kuna tona, esensi, seramu, ampuli na krimu, na vyote vina ute wa kuvutika. Ukisugua tabaka la sita juu ya matano ambayo hayajakauka, yanang'oka pamoja. Ujue sanskrini inapojiviringa pale, pale hakuna kinga. Asubuhi baki na krimu nyepesi, subiri dakika chache, kisha sanskrini kwa kupapasa bila kusugua.

Binti Mkunazini

Na vipele vya kwenye paji? Hakuna aliyevigusa. Mimi nasema ni ile chachu. Kuna fangasi wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, na vipele vyao ndivyo hivyo: vidogo, vinafanana, vinawasha, vinapenda paji la uso na joto. Dada yangu alipona kwa shampuu ya ketokonazoli, aliiacha usoni dakika tano kisha anaosha.

Dokta wa Mtaani

Fangasi hao wanapenda mafuta mafuta zaidi kuliko chachu. Mimi namshuku krimu, hasa kwa Dar.

Mama Pacha

Mnasahau nywele! Shangazi, unasuka? Mafuta ya kichwani yakishuka na jasho, paji ndilo la kwanza kupata habari.

Shangazi wa Kinyerezi

Nasuka, napaka mafuta ya nazi, na kazini navaa kofia ya plastiki ya jikoni kuanzia saa moja hadi saa tisa.

Mama Pacha

Haya sasa. Mnamsingizia Mkorea.

Mchanganyaji

Vyote vinawezekana. Chachu kwenye chupa imeshachujwa, haiko hai, na sijaona ushahidi wa kutosha kuihukumu. Lakini dada wa Binti kapona na siwezi kumkana. Njia ya kujua ni kuondoa kimoja kimoja. Ukiondoa vyote siku moja na vipele vikipona, hutajua nani alikuwa mwizi. Na visipopungua ndani ya mwezi, muone daktari wa ngozi, kwa sababu shampuu hiyo haitibu chunusi ya kawaida.

Wanjiku wa Ngong

Mimi nilishafanya hivyo na ampuli, nusu ya uso. Nilipaka upande wa kushoto tu wiki nne, picha kila Jumapili dirishani saa nne asubuhi. Dada yangu nilimficha upande gani, akashindwa kuchagua. Nikaacha kuinunua.

Wa Daejeon

Wiki nne ni chache kwa madoa, dada. Kwa ulaini inatosha, hata siku mbili zinatosha. Doa nipe wiki nane hadi kumi na mbili.

Wanjiku wa Ngong

Ni kweli, mimi nilikuwa naangalia mng'ao tu. Kwa madoa siwezi kuapa.

Binti Mkunazini

Nimesubiri mtu aniambie kuhusu waridi na gliserini yangu, mmenipita kimya.

Mchanganyaji

Samahani dada. Ni kitu kizuri na ni karibu sana na hiyo esensi kwa kazi ya kulainisha. Kijiko kimoja cha gliserini kwa vijiko 19 vya maji ya waridi inakupa kama asilimia 5. Watu wanaharibu kwa kuipaka nzito, inanata na kuwasha. Tatizo lake ni kwamba haina kinga ya kuoza, kwa hiyo changanya kidogo, weka kwenye friji, baada ya siku chache mwaga. Na maji ya waridi yenye manukato ya kuongezwa hayafai kwa mwenye vipele.

Shangazi wa Kinyerezi

Nimewasoma wote, shukrani. Nimeamua hivi. Ampuli iliyobaki nusu napaka kulia tu jioni, kushoto sipaki, wiki nane, mengine yote sawa pande zote. Seramu nabaki nayo. Esensi ikiisha sinunui. Sanskrini natafuta yenye rangi na napaka robo kijiko. Kofia ya kazini nitaweka kitambaa cha pamba chini yake kuanzia wiki ya tatu, ili nisichanganye mambo.

Kibosile wa Temeke

Subiri kwanza. Kazini unaenda na nini?

Shangazi wa Kinyerezi

Gari ya ofisi, nakaa mbele na dereva. Kwanini?

Kibosile wa Temeke

Mimi ni dereva miaka 14. Mkono wangu wa kulia, ule wa dirishani, ni mweusi kuliko wa kushoto, na kioo nafunga kwa sababu ya kiyoyozi. Wewe ukikaa mbele dirisha liko kushoto kwako. Kushoto ndiko usikopaka. Jua likikuharibia kushoto utasema ampuli ya kulia imefanya kazi.

Mchanganyaji

Kibosile! Hilo hata mimi sikuliona. Kioo cha pembeni kinazuia jua la kuunguza, lakini lile la kutia weusi sehemu yake linapita. Shangazi, ampuli hamishia kushoto. Ikishinda hata upande wa dirisha, nitakubali kuwa ina kitu.

Wa Daejeon

Lakini ikishindwa kushoto, nayo utasema ni jua. Bora akae kiti cha nyuma katikati.

Shangazi wa Kinyerezi

Nyuma katikati anakaa bosi na makabrasha yake. Nitamuuliza kesho.